Karo ya Januari, Nyumba na Uzeeni: Kila Pesa na Mahali Pake

Mkazi anayepata pesa nyingi kwa mara moja, iwe ni bonasi ya majani chai, malipo ya kustaafu au mauzo ya kipande cha ardhi, huulizwa na kila mtu ataifanyia nini. Mmoja humshauri aiweke benki, mwingine amwambia anunue hisa, wa tatu ana jamaa yake anayejua mahali pesa huzaa haraka. Ni wachache wanaouliza swali ambalo hujibu mengine yote: pesa hii itahitajika lini?

Tarehe ya kuihitaji pesa ndiyo inayoamua hatari ambayo mwenye pesa anaweza kuibeba. Kitu kinachopanda na kushuka bei si kibaya kwa mtu atakayekigusa baada ya miaka 15, kwa sababu kina muda wa kuinuka tena. Kitu hicho hicho ni hatari kubwa kwa mzazi anayetakiwa kulipa karo mwezi wa Januari, maana shule haitangoja bei ipande.

Tuchukue mfano wa familia moja ili hesabu ionekane. Baba ni mwalimu, mama anauza nguo sokoni. Katikati ya Septemba wameuza sehemu ya shamba na kubaki na shilingi 700,000 mkononi. Wakiketi na kalamu na karatasi, wanapata mahitaji manne. Mtoto anahitaji karo na vifaa vya shilingi 100,000 Januari. Wangependa shilingi 100,000 nyingine ikae kwa dharura, kama ugonjwa au biashara kusimama. Nyumba waliyoianza inahitaji shilingi 250,000 za paa na madirisha, na wamekubaliana kwamba kazi hiyo itafanywa baada ya miaka miwili. Shilingi 250,000 zinazobaki ni za uzeeni, na baba ana miaka 16 kabla ya kustaafu.

Viwango vya riba vitakavyotumika hapa ni vya kuhesabia tu. Viwango vya siku yenyewe hubadilika, na hilo nalo tutaliona lilivyo na uzito.

Karo: miezi mitatu na nusu

Pesa ya karo haina nafasi ya kupotea hata kidogo, kwa hivyo familia inatafuta mahali ambapo kiasi kilichowekwa hakishuki na tarehe ya kurudi inajulikana. Mahali pamoja ni bili za Hazina, yaani mkopo wa muda mfupi ambao serikali ya kitaifa huuchukua kutoka kwa umma kupitia Benki Kuu ya Kenya. Bili hizo ni za siku 91, 182 na 364, na huuzwa kwa mnada kila wiki. Kiwango cha chini ni shilingi 50,000, na anayetaka zaidi huongeza kwa elfu hamsini hamsini.

Bili haina riba inayolipwa kila mwezi. Mnunuzi hulipa pungufu ya thamani iliyoandikwa, kisha siku zikitimia hulipwa thamani kamili. Ikiwa kiwango ni asilimia 8 kwa mwaka, bili ya siku 91 yenye thamani ya shilingi 100,000 hununuliwa kwa takriban shilingi 98,040. Faida ni shilingi 1,960 hivi, na baada ya kodi ya asilimia 15 inayokatwa moja kwa moja, familia inabaki na kama shilingi 1,660.

Si pesa nyingi. Lakini kazi ya pesa hii ni kuwepo Januari, haikutengwa ili kutajirisha mtu, na siku 91 ni wiki 13 kamili: bili iliyolipiwa Jumatatu ya mwisho wa Septemba hurudi Jumatatu mwishoni mwa Desemba, kabla shule hazijafunguliwa. Familia ikichelewa hadi katikati ya Oktoba, tarehe ya kurudi itavuka siku ya kufungua shule, na faida yote itamezwa na mkopo wa kuziba pengo. Anayejiona amechelewa ni heri aachane na bili kabisa na atumie mfuko wa soko la fedha, ambao tutaufikia.

Ununuzi hufanyika kwenye mfumo wa Benki Kuu uitwao DhowCSD, ulioanza kutumika mwaka 2023, kwa simu au kwa kompyuta. Kufungua akaunti hakulipiwi. Mkazi anahitaji kitambulisho, PIN ya KRA, picha na akaunti ya benki iliyo kwa jina lake mwenyewe, kwa sababu pesa zikirudi huingia kwenye akaunti hiyo. Jina likitofautiana, hata kwa herufi, ombi hukwama. Hili huwakuta hasa akina mama waliobadilisha jina kwenye kitambulisho baada ya ndoa huku benki ikibaki na la zamani. Uthibitisho wa akaunti huweza kuchukua siku kadhaa, kwa hivyo haifai kuanza kufungua akaunti asubuhi ya mnada.

Katika ombi, mnunuzi mdogo huchagua kukubali wastani wa riba utakaopatikana mnadani badala ya kutaja kiwango chake. Wanaotaja viwango ni wawekezaji wakubwa, na anayetaja kiwango cha juu mno hukosa kabisa. Matokeo yakitoka, mfumo humwonyesha mnunuzi kiasi cha kulipa na nambari ya malipo, kisha hupeleka pesa kupitia benki yake kabla ya muda kuisha. Asiyelipa baada ya ombi kukubaliwa anaweza kuzuiwa kununua tena, kwa hivyo ombi lisiwekwe kwa matumaini ya pesa ambayo bado iko kwa mdeni.

Dharura: pesa isiyo na tarehe

Dharura haina tarehe, na hapo bili ya Hazina haifai tena. Benki Kuu huweza kuinunua bili kabla ya siku yake, lakini kwa bei ya kumuumiza mwenye bili, kama njia ya mwisho. Akaunti ya muda maalum ya benki nayo ina adhabu yake: anayeivunja kabla ya wakati kwa kawaida hupoteza riba yote au sehemu kubwa.

Mahali panapofaa ni mfuko wa soko la fedha. Kampuni iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, yaani CMA, hukusanya pesa za watu wengi na kuziweka kwenye bili za Hazina, amana za benki na mikopo ya muda mfupi. Kila mwenye pesa hupata sehemu yake ya riba, inayohesabiwa kila siku. Mifuko mingi hupokea kiasi kidogo kupitia M-Pesa, na pesa hurudi kwa siku moja hadi tatu za kazi. Hizo siku za kazi zina maana: ombi lililotumwa Ijumaa jioni huenda likajibiwa Jumanne. Ndiyo sababu familia nyingi huacha elfu kumi hivi kwenye simu au benki kwa ajili ya gari la kwenda hospitalini usiku, na zinazobaki ndizo zinazoingia kwenye mfuko.

Kuna mambo mawili ambayo matangazo ya mifuko hii hayayapazii sauti. La kwanza ni kwamba kiwango kinachotangazwa kwa kawaida ni cha kabla ya kodi ya asilimia 15. Mfuko unaotangaza asilimia 10 humwachia mwenye pesa asilimia 8.5. La pili ni kwamba mfuko huu si amana ya benki, na haumo katika bima ya amana. Usalama wake unatoka kwingine: sheria inataka mali za mfuko ziwe chini ya msimamizi huru, na zitunzwe na benki iliyo tofauti na kampuni inayoendesha mfuko, ili kampuni ikianguka mali zisianguke nayo. Lakini mfuko uliokopesha kampuni zenye mashaka unaweza kupoteza kweli. Mfuko ambao riba yake iko juu ya mingine yote kwa asilimia tatu au nne haukupata bili za serikali zilizo tofauti. Umekopesha mtu ambaye wengine wameogopa kumkopesha. Orodha ya mahali pesa zilikowekwa hupatikana kwenye ripoti ya mfuko, na mwekezaji ana haki ya kuiomba.

Nyumba: miaka miwili

Shilingi 250,000 za paa ndizo zinazowachanganya watu wengi, kwa sababu miaka miwili huonekana mirefu. Hapa mwuzaji yeyote mwenye ulimi mzuri anaweza kuifanya familia inunue kitu cha miaka kumi.

Njia ya kawaida ni akaunti ya muda maalum. Benki hupokea pesa kwa miezi 3, 6 au 12 kwa riba waliyokubaliana. Kiwango kilichobandikwa ukutani huwa ni cha kuanzia mazungumzo tu. Mwenye robo milioni ana haki ya kuuliza benki mbili au tatu na kurudi kwa ya kwanza na majibu. Kwa asilimia 8, shilingi 250,000 huzaa shilingi 20,000 kwa mwaka, kodi huchukua 3,000, na familia inabaki na 17,000. Bei za vitu zikiwa zimepanda kwa asilimia 5 mwaka huo, basi mabati ambayo yangenunuliwa kwa 250,000 sasa yanahitaji 262,500. Ongezeko halisi ni kama shilingi 4,500. Hiyo ndiyo bei ya usalama, na kwa pesa ya miaka miwili ni bei ya haki.

Shirika la Bima ya Amana Kenya, KDIC, humlinda kila mwenye amana hadi shilingi 500,000 katika benki moja. Kiwango hicho kilikuwa 100,000 hadi Julai 2020 kilipopandishwa. Huhesabiwa kwa mtu mmoja katika benki moja, akaunti zote zikijumlishwa. Mwenye akaunti tatu za shilingi 300,000 kila moja katika benki hiyo hiyo analindwa kwa 500,000, si kwa 900,000. Mwaka 2015 na 2016 benki tatu nchini, Dubai, Imperial na Chase, ziliwekwa chini ya usimamizi katika muda wa miezi michache, na wenye amana kubwa walingoja miaka kupata sehemu ya pesa zao. Mwenye zaidi ya nusu milioni huigawa katika benki mbili.

Jambo la kuangalia ni siku ya mwisho. Fomu nyingi zina sehemu inayosema pesa zitafungiwa tena kwa muda ule ule ikiwa mteja hatasema neno. Familia inayotarajia kumlipa fundi Septemba inaweza kukuta pesa imefungwa hadi Septemba nyingine. Maagizo ya siku ya mwisho huandikwa siku ya kwanza.

Swali linalofuata kila mara ni hili: ikiwa hati fungani za serikali hulipa riba kubwa kuliko benki, na serikali ni mdeni wa kuaminika zaidi, kwa nini pesa ya nyumba isiingie huko? Hapa ndipo watu waangalifu huumia, kwa hivyo hesabu ifanywe polepole.

Hati fungani, au bondi, ni mkopo kwa serikali wa miaka miwili na zaidi. Hulipa riba mara mbili kwa mwaka, na mwisho wa muda hurudisha kiasi chote. Familia inanunua bondi ya miaka 10 ya shilingi 250,000 yenye riba ya asilimia 12. Kila mwaka inapata shilingi 30,000. Kodi ya riba ya bondi za miaka 10 na zaidi ni asilimia 10, wakati zile fupi hukatwa 15, kwa hivyo inabaki na 27,000 kwa mwaka. Ni nyingi zaidi ya zile 17,000 za benki.

Miaka miwili inaisha na fundi yuko tayari. Serikali itarudisha pesa baada ya miaka minane zaidi, kwa hivyo familia lazima iiuze bondi yake kwa mtu mwingine katika Soko la Hisa la Nairobi. Tuseme katika miaka hiyo miwili riba zimepanda, na bondi mpya zinalipa asilimia 16. Hakuna mnunuzi atakayelipa 250,000 kwa karatasi inayozaa asilimia 12 ilhali mpya inazaa 16. Ataikubali kwa bei itakayomfidia tofauti hiyo kwa miaka minane, na bei hiyo ni kama shilingi 82.30 kwa kila 100. Bondi ya 250,000 inauzwa kwa takriban 205,700.

Riba ya miaka miwili iliwapa 54,000. Wakijumlisha, wana 259,700. Kwa miaka miwili ya kungoja wamepata shilingi 9,700, kabla ya ada ya wakala, na kama riba zote zilitumika nyumbani, fundi anakuta pesa ya paa imepungua kwa zaidi ya shilingi 44,000. Serikali haikukosa kulipa hata senti. Hasara ilitoka kwenye tarehe isiyolingana.

Upande wa pili nao ni kweli: riba zikishuka hadi asilimia 9, bondi hiyo hiyo inauzwa kwa karibu 116.85 kwa kila 100, na familia inapata faida ya zaidi ya 42,000 juu ya riba. Lakini paa haliezekwi kwa bahati. Na mabadiliko ya namna hii si ya kufikirika tu. Mapema mwaka 2024 bili ya siku 91 ilikuwa ikilipa zaidi ya asilimia 16, na kufikia mwanzo wa 2025 ilikuwa chini ya 10.

Kwa hivyo familia inaiweka pesa ya nyumba kwenye akaunti ya muda maalum ya mwaka mmoja, kisha mwaka wa pili inatazama tena kiwango. Kikishuka, watapata kidogo zaidi, lakini zile 250,000 zitakuwepo. Ingewezekana pia kutumia bili ya siku 364, au bondi iliyobakiza miaka miwili tu kabla ya kuiva, ikipatikana kwa bei nzuri sokoni.

Uzeeni: miaka 16

Kwa pesa ya uzeeni meza inageuka. Hofu kubwa si tena bei kushuka mwaka ujao. Ni bei za vitu kupanda polepole kwa miaka 16. Bei zikipanda kwa asilimia 5 kila mwaka, shilingi 250,000 za leo zitakuwa na nguvu ya kununua ya kama 115,000 za leo. Pesa inayolala kwenye akaunti ya kawaida huyeyuka hivyo bila mtu kuona.

Bondi ndefu sasa inapata mahali pake. Mtu asiyelazimika kuiuza hajali bei yake ya sokoni mwaka wa pili. Mnamo Februari 2024 serikali ilitoa bondi ya miundomsingi ya miaka 8 na nusu yenye riba ya asilimia 18.46, na umma ukaleta zaidi ya shilingi bilioni 288 ilhali serikali ilikuwa imetangaza kutafuta bilioni 70. Bondi za miundomsingi zimekuwa zikitolewa bila kodi ya riba, jambo ambalo husemwa wazi kwenye tangazo la kila bondi pamoja na kiwango cha chini cha kununua. Mkazi asome tangazo la bondi yenyewe, asitegemee habari ya bondi iliyopita. Walioweka pesa zao kwenye bili fupi mwezi huo huo kwa sababu riba nazo zilikuwa tamu walirudishiwa pesa zao, na kufikia mwanzo wa 2025 utamu ulikuwa umeisha. Waliochukua ndefu wanaendelea kulipwa asilimia 18.46.

Sehemu nyingine inaweza kuwa hisa, na kwa anayeanza njia rahisi ni mfuko wa fahirisi. Fahirisi ni kipimo cha bei za kampuni nyingi kwa pamoja, kama NASI inayopima hisa zote za Soko la Hisa la Nairobi, au S&P 500 ya Marekani. Mfuko wa fahirisi hununua kampuni zote zilizo kwenye kipimo kwa uzito ule ule, bila mtu wa kubashiri ipi itashinda. Wa kwanza wa watu wa kawaida ulianzishwa Marekani mwaka 1976 na John Bogle wa kampuni ya Vanguard, na wakati ule watu wa soko waliucheka. Nguvu yake ni gharama ndogo.

Gharama ndogo inafaa kuhesabiwa. Tuseme hisa zinakua kwa asilimia 10 kwa mwaka. Mfuko unaotoza asilimia 0.5 huigeuza 250,000 kuwa takriban 975,000 baada ya miaka 15. Unaotoza 2.5 huigeuza kuwa 740,000. Tofauti, shilingi 235,000, ni karibu sawa na pesa yote iliyowekwa mwanzoni, na imeliwa na ada iliyoonekana ndogo kwenye fomu. Mifuko mingi ya hisa inayouzwa nchini si ya fahirisi. Ina meneja anayechagua hisa na hutoza zaidi, kwa hivyo neno la kuuliza kwanza ni ada ya mwaka, kabla ya faida ya mwaka uliopita.

Hatari yake nayo isifichwe. NASI ilianza mwaka 2008 ikiwa na pointi 100. Mwisho wa 2021 ilikuwa karibu 166. Mwisho wa 2023 ilikuwa karibu 92, chini ya ilipoanzia miaka 16 nyuma, ukiacha mgao wa faida ambao kampuni zililipa katikati. Mwaka 2024 ilipanda tena hadi kama 123. Aliyenunua mwisho wa 2021 na kulazimika kuuza mwisho wa 2023 alibaki na shilingi 55 kwa kila 100. Ndiyo maana pesa ya paa haikuingia huku. Soko letu pia ni dogo, na Safaricom pamoja na benki chache kubwa hubeba sehemu kubwa ya kipimo. Anayedhani amegawa pesa zake kwa kampuni sitini amezigawa hasa kwa tano au sita.

Mifuko inayofuata fahirisi za ng'ambo hupunguza tatizo hilo na kuleta lingine. Januari 2024 dola moja ilikuwa ikibadilishwa kwa kama shilingi 160. Katikati ya mwaka ilikuwa karibu 129. Mwenye mfuko wa dola alipoteza takriban asilimia 19 kwa shilingi hata kama hisa zake hazikusogea. Kwa miaka 16 mawimbi hayo huweza kuvumilika. Kwa miezi sita, la.

Familia yetu inaamua kuweka 150,000 kwenye bondi ndefu, na 100,000 kwenye mfuko wa hisa, lakini si kwa siku moja. Zile 100,000 zinakaa kwanza kwenye mfuko wa soko la fedha na kuhamishwa elfu kumi kila mwezi kwa miezi kumi, ili zisinunue zote siku ambayo bei iko juu. Riba ya bondi, zaidi ya elfu kumi na tano kila mwaka, nayo itaingia kwenye mfuko wa hisa badala ya kuliwa. Mama angependa hisa ziwe chache zaidi. Baba angependa ziwe nyingi. Wameafikiana kwa kiasi ambacho, kikishuka nusu, hakuna atakayemlaumu mwenzake mezani. Kipimo hicho hakimo kwenye fomu ya kampuni yoyote, lakini kinafanya kazi kuliko maswali mengi yaliyomo.

Sacco na chama

Familia nyingi tayari zina akiba kwenye sacco, na mgao wake wa kila mwaka mara nyingi hushindana vizuri na benki. Kitu cha kukumbuka ni kwamba amana zinazotumika kuombea mkopo hazitolewi kwa kipande. Kuzipata ni kujiondoa uanachama, kungoja muda wa ilani, na kwanza kuachiliwa udhamini wa mikopo yote ambayo mwanachama amedhamini. Hiyo inaifanya kuwa pesa ya muda mrefu, hata kama mwenyewe anaihesabu kama dharura. Pia haimo kwenye bima ya KDIC. Sacco zinazopokea amana husimamiwa na SASRA, na orodha ya zilizo na leseni hutangazwa kila mwaka.

Kutambua ulaghai

Riba ya bili za serikali ni kipimo kizuri cha kupimia ahadi yoyote. Serikali ikiwa inakopa kwa asilimia 8 au 9 kwa mwaka, mtu anayeahidi asilimia 10 kwa mwezi anadai kwamba amepata biashara inayolipa zaidi ya mara kumi, na badala ya kukopa benki kwa riba ya kawaida ameamua kuja kuikopa kijijini. Mapato ya kwanza hulipwa kwa wakati ili yavute majirani. Malipo ya mapema si ushahidi.

Kabla ya kutuma pesa, mkazi huhakikisha jina la kampuni liko kwenye orodha ya walioidhinishwa na CMA, likiwa limeandikwa vile vile, maana walaghai hupenda jina linalofanana. Pesa huenda kwenye akaunti au nambari ya Paybill iliyo kwa jina la mfuko, kamwe si kwa nambari ya simu ya wakala. Na anayedai ada ya kumfungulia mtu akaunti ya DhowCSD anauza kitu ambacho Benki Kuu hutoa bure.

Mambo ya familia yetu yalivyo mwishoni mwa Septemba ni hivi: bili ya karo imelipiwa, mfuko wa dharura una pesa, fomu ya benki imeandikwa kwamba pesa zisifungwe tena bila ruhusa, na ombi la bondi linangoja mnada unaofuata. Tarehe nne zimeandikwa nyuma ya kalenda ya jikoni, kila moja na kiasi chake, na nakala za karatasi ziko kwenye bahasha moja ambayo mama na baba wote wanajua ilipo.